Kukokotoa bei ya opsheni ya kahawa kwa jedwali la mgawanyo wa kawaida, kisha kuisoma delta yake

Chama cha msingi chenye tani 17 za kahawa safi ambazo zitauzwa miezi mitatu ijayo kina hofu moja kubwa, nayo ni kwamba bei itashuka kabla mzigo haujafika sokoni. Arabika ya Kilimanjaro, iwe inapita mnadani Moshi au inauzwa moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje, bei yake hutazamwa kwa kulinganishwa na mikataba ya mbele ya soko la ICE la New York, ambako mkataba mmoja ni ratili 37,500, yaani takribani tani 17, na bei hutajwa kwa senti za Marekani kwa ratili. Katika soko hilohilo huuzwa pia opsheni ya kuuza, ambayo ni haki, wala si wajibu, ya kuuza mkataba wa mbele kwa bei iliyokubaliwa. Bei ya soko ikishuka chini ya bei hiyo mwenye opsheni hufidiwa tofauti. Ikipanda, huiacha haki yake ife, na alichopoteza ni ada aliyolipa tu.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kukokotoa ada hiyo kwa karatasi, kikokotoo cha kawaida na jedwali la mgawanyo wa kawaida, kisha jinsi ya kuisoma delta, namba inayoonyesha bei ya opsheni inasogea kiasi gani bei ya mkataba ikisogea. Nimechagua kazi ya mkono kwa makusudi, kwa sababu liko kosa moja ambalo bei hulificha na delta hulifichua, na mtu asiyewahi kupita njia hii kwa kalamu si rahisi alione.

Hatua ya kwanza: namba tano

Kanuni iliyochapishwa na Fischer Black na Myron Scholes mwaka 1973 ilihusu hisa. Mwaka 1976 Black aliirekebisha ili ifae mikataba ya mbele, na ndiyo tutakayoitumia. Inaitwa kanuni ya wakati usiokatika kwa kuwa inachukulia kwamba bei inatembea kila nukta ya wakati, na kwamba riba nayo inajilimbikiza vivyo hivyo, bila kusubiri mwisho wa mwezi au wa mwaka.

```
d1 = [ ln(F/K) + (σ²/2)·T ] / (σ·√T)
d2 = d1 − σ·√T
P  = e^(−rT) · [ K·N(−d2) − F·N(−d1) ]
C  = e^(−rT) · [ F·N(d1) − K·N(d2) ]
```

Herufi P ni bei ya opsheni ya kuuza, na C ni ya opsheni ya kununua. F ni bei ya sasa ya mkataba wa mbele, ambayo kwa mfano wetu ni senti 240. K ni bei ya makubaliano, senti 230. T ni muda uliobaki kwa miaka, na hapa tutachukua 0.25. Hesabu siku hadi opsheni inapoisha, si hadi mwezi wa mkataba wenyewe, kwa sababu opsheni ya kahawa huisha katika mwezi unaoutangulia mwezi wa mkataba: ile ya Desemba huwa imekwisha Novemba. Atakayehesabu hadi Desemba atailipia opsheni siku ambazo haina.

Riba, r, iwe ya kujilimbikiza bila kukatika. Benki ikikutajia asilimia 5.13 kwa mwaka, chukua logi asilia ya 1.0513 upate 0.05, na hiyo ndiyo namba inayoingia katika kanuni.

Iliyobaki ni σ, mtikisiko wa bei, na hii haiandikwi popote kwa uhakika. Njia ya kawaida ni kuchukua bei za kufunga za kila wiki, kutafuta logi asilia ya kila bei ikigawanywa kwa ya wiki iliyotangulia, kutafuta mchepuko sanifu wa logi hizo, kisha kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 52, ambacho ni 7.211. Mchepuko wa asilimia 5.27 kwa wiki hutoa asilimia 38 kwa mwaka, na tutatumia 0.38. Namba hizi zote ni za mfano. Siku ya kazi utaweka za siku hiyo.

Hatua ya pili: d1 na d2

Anza na kigawanyo, kwa sababu utakihitaji mara mbili. Kipeuo cha pili cha 0.25 ni 0.5, na 0.38 mara 0.5 ni 0.19. Kisha gawanya 240 kwa 230 upate 1.04348, na logi yake asilia ni 0.04256. Kipande cha pili cha kiasi ni 0.38 kwa kipeo cha pili, yaani 0.1444, gawanya kwa 2, zidisha kwa 0.25, upate 0.01805. Jumla ni 0.06061, na ukiigawa kwa 0.19 unapata d1 ya 0.3190. Toa 0.19, unapata d2 ya 0.1290.

Kabla ya kuendelea, ihakiki logi. Namba mbili zikiwa karibu, logi asilia ya mgawanyo wao inakaribiana sana na tofauti yao ikigawanywa kwa wastani wao. Hapa tofauti ni 10, wastani ni 235, na 10 kwa 235 ni 0.04255. Ukipata kitu kama 0.0185, umebonyeza kitufe cha `log`, ambacho ni logi ya msingi wa kumi, badala ya `ln`. Weka alama pembeni mwa hatua hii, tutairudia.

Hatua ya tatu: kusoma jedwali

N(d) ni eneo lililo chini ya mchoro wa kengele kuanzia mbali kabisa kushoto hadi d. Majedwali yanayozunguka katika vitabu vya wanafunzi ni ya aina tatu, na kuchanganya aina ndiyo ajali inayotokea zaidi. Kabla ya kusoma chochote, tazama mstari wa 1.00. Ukikuta 0.8413, jedwali linatoa eneo lote la kushoto, yaani N(d) yenyewe. Ukikuta 0.3413, linatoa eneo kutoka katikati hadi d, kwa hiyo lazima uongeze 0.5. Ukikuta 0.1587, linatoa mkia wa kulia, ambao ni sawa na N(−d), na kwa opsheni ya kuuza huyo anafaa moja kwa moja.

Tuchukue jedwali la 0.8413. Weka rula chini ya mstari wa 0.3, kwa maana jicho lililochoka huteleza mstari mmoja bila kujijua, kisha fuata safu hadi .01 na .02. Utasoma 0.6217 kwa 0.31 na 0.6255 kwa 0.32. Namba yetu, 0.3190, imesimama sehemu tisa kwa kumi kati ya hizo mbili, kwa hiyo tunachukua tisa kwa kumi za tofauti ya 0.0038 na kuziongeza kwenye 0.6217, tupate 0.6251. Kwa d2, jedwali lina 0.5478 kwa 0.12 na 0.5517 kwa 0.13, na kwa njia ileile tunapata 0.5513.

Jedwali halina namba hasi, na halizihitaji, kwa kuwa kengele ina pande mbili zinazolingana. N(−d1) ni 1 kutoa 0.6251, yaani 0.3749. N(−d2) ni 0.4487.

Wapo wanaoona sehemu tisa kwa kumi ni usumbufu, wakasoma 0.31 kwa d1 kwa kukata desimali, na 0.13 kwa d2 kwa kukadiria. Wakimaliza hesabu watapata senti 12.16 badala ya 13.06 tutakayoipata sasa hivi, na senti 0.90 kwa ratili 37,500 ni zaidi ya dola 330 kwa mkataba mmoja. Aliyekadiria zote mbili kwa namna moja, 0.32 na 0.13, atapata 13.06 ileile na hatadhurika. Kinacholinda hesabu ni kwamba tofauti kati ya d1 na d2 imebaki 0.19 kamili, hiyo usiiharibu kamwe.

Hatua ya nne: bei

Kipunguzo cha riba ni e kwa kipeo cha −0.0125, yaani 0.9876. Zidisha 230 kwa 0.4487 upate 103.20, zidisha 240 kwa 0.3749 upate 89.98. Tofauti, kwa desimali zote, ni 13.225, na ikizidishwa kwa 0.9876 inatoa senti 13.06 kwa ratili. Kwa mkataba mzima ni takribani dola 4,898. Hiyo ndiyo bei ambayo kanuni inasema ni ya haki, na ukiambiwa sokoni senti 15 hujaibiwa lazima. Pengine wauzaji wanaona mtikisiko mkubwa kuliko 38.

Vitabu hufundisha kuhakiki kwa usawa wa opsheni mbili: bei ya opsheni ya kununua ukiondoa ya kuuza lazima ilingane na F kutoa K, ikipunguzwa riba. Opsheni ya kununua kwa namba zetu ni senti 22.94; toa 13.06, unabaki na 9.88, na 10 mara 0.9876 ni 9.88. Hesabu imekubali. Lakini uthibitisho huu ni mwepesi kuliko unavyosifiwa, kwa sababu N(d) na N(−d) zikijumlishwa ni 1 kwa d yoyote ile, hata iliyokosewa. Unakuhakikishia kwamba umezidisha na kutoa vizuri, basi.

Kosa linalojificha

Nililijua hili kwa kulifanya. Mwaka wangu wa kwanza wa kushika vitabu vya chama nilikokotoa opsheni kama hii kwa kitufe cha `log`. Tuone kinachotokea kwa namba zetu. Logi ya msingi wa kumi ya 1.04348 ni 0.01848, d1 inakuwa 0.1923 na d2 inakuwa 0.0023. Kosa ni kubwa: d1 imepungua kwa zaidi ya theluthi. Jedwali linatoa 0.4238 kwa N(−d1) na 0.4991 kwa N(−d2). Zidisha, toa, punguza riba, na bei inatoka senti 12.92.

Yaani kosa kubwa namna ile limeisogeza bei kwa senti 0.14 tu. Nilipolinganisha na bei ya wakala niliona zinakaribiana, nikalala usingizi.

Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa ndiyo inayoeleza pia delta. Ndani ya kanuni, d ni mpaka: upande mmoja wa mpaka mwenye opsheni anaitumia haki yake, upande mwingine anaiacha. d sahihi ni mpaka wa mtu mwenye akili, anayeuza bei ikiwa chini ya 230 na kunyamaza ikiwa juu. d iliyokosewa ni sawa na mtu aliyeuweka mpaka pabaya kidogo, ambaye mara chache anaitumia haki yake wakati haina faida. Thamani ya opsheni ikichorwa kwa mipaka mbalimbali hutoa kilima, na mpaka sahihi ni kilele chake. Na aliyesimama juu ya kilima cha mviringo akipiga hatua chache kwenda upande wowote, hashuki sana. Ndiyo maana bei iliyotokana na d mbaya huwa chini ya bei sahihi wakati wote, lakini si kwa mbali, mradi tofauti ya d1 na d2 haijaguswa.

Hatua ya tano: delta

Delta ni kiasi ambacho bei ya opsheni husogea pale F inaposogea senti moja. Kwa kuwa F imo pia ndani ya d1 na d2, mtu angetegemea kanuni ndefu, lakini tumeshaona kwamba kwenye kilele msogeo mdogo wa d hauibadilishi bei. Kinachobaki ni kile kinachozidisha F waziwazi:

```
delta ya kuuza   = −e^(−rT) · N(−d1)
delta ya kununua =  e^(−rT) · N(d1)
```

Kwa hiyo delta yetu ni −0.9876 mara 0.3749, yaani −0.3703. Alama ya kutoa inasema kwamba F ikipanda opsheni ya kuuza inashuka. Na yule wa kitufe cha `log`? Yake inatoka −0.4185. Bei ilikosea kwa takribani asilimia 1, delta imekosea kwa 13. Delta haina kilele cha kujificha. Inasoma d1 kama ilivyo.

Kuihakiki, rudia hesabu yote kwa F ya senti 235. Utapata d1 ya 0.2082, d2 ya 0.0182, na bei ya senti 15.02. F imeshuka senti 5, opsheni imepanda senti 1.96. Delta ya −0.3703 ilitabiri 1.85, na nyongeza ya 0.11 inatokana na delta yenyewe kutembea njiani, kwani kwa F ya 235 imekwisha kuwa −0.4123. Wastani wa delta mbili hizo ukizidishwa kwa 5 unarudisha 1.96. Mwenye delta ya −0.4185 angetabiri senti 2.09, juu ya ile halisi, na hapo ndipo angeshtuka: opsheni uliyoinunua bei ikishuka lazima ipande zaidi ya utabiri wa delta ya mwanzo, haiwezi kupanda pungufu. Hiyo ndiyo alama ya kulitambua kosa hata kama bei imependeza.

Hatua ya sita: kuisoma kwa tani

Mzee mmoja wa kamati aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, hiyo delta inakula nini ghalani kwangu?" Jibu nililompa ndilo ninalolitumia hadi leo: izidishe kwa uzito wa mkataba. Delta ya 0.3703 mara tani 17.01 ni tani 6.3. Leo, kwa msogeo mdogo wa bei, opsheni moja inakikinga chama kana kwamba kimeshauza tani 6.3 kati ya 17, zile 10.7 bado ziko wazi. Kumbuka kwamba tani hizo ni za kahawa safi iliyokobolewa. Kahawa ya maganda hutoa takribani asilimia 80, hivyo opsheni moja inalingana na tani 21 hivi za maganda, na nimeona watu wazima wakikosea hapo.

Swali linalofuata huwa lilelile: je, tununue opsheni 2.7, kwa kuwa 1 kwa 0.3703 ni 2.7, ili tani zote zikingwe? Kwa chama, nasema hapana. Anayefanya hivyo anakinga thamani ya leo, na atalazimika kununua na kuuza kila delta inapobadilika, kazi ya wafanyabiashara wa sokoni wanaokaa mbele ya skrini. Chama kinataka sakafu ya bei siku ya mwisho, na siku hiyo opsheni moja kwa kila tani 17 inatosha: bei ikiwa chini ya 230, delta imekuwa −1 na mzigo wote umekingwa, ikiwa juu, delta ni 0 na hakuna cha kukinga.

Kosa jingine ni kuisoma delta kama uwezekano wa opsheni kuishia na faida. Ndani ya dunia ya kanuni, uwezekano wa bei kuwa chini ya 230 siku ya mwisho ni N(−d2), yaani 0.4487, sio 0.37. Kamati ikiambiwa asilimia 37 badala ya 45 inaweza kuiona opsheni kuwa ghali bure.

Mambo mawili yanaizuia delta kuwa neno la mwisho. Kwanza ni mtikisiko: kila asilimia moja inayoongezwa kwenye σ inapandisha bei ya opsheni hii kwa takribani senti 0.45, hivyo kubishania desimali ya nne ya jedwali wakati σ inaweza kuwa 38 au 43 ni kupima chumvi kwa mizani ya dhahabu. Pili, delta inazungumzia bei ya New York, na bei mnadani Moshi haiifuati senti kwa senti, kwa sababu daraja la kahawa na ushindani wa wanunuzi siku hiyo vina sauti yao. Zaidi ya hapo, opsheni za soko hili huweza kutumika siku yoyote kabla ya mwisho, ilhali kanuni yetu inangoja siku ya mwisho. Kwa miezi mitatu tofauti ni ndogo, na inaongeza bei kidogo, haipunguzi.

Delta iandikwe daftarini pamoja na tarehe na F ya siku hiyo, ikokotolewe upya kila Jumatatu, kwa sababu inabadilika hata bei ikitulia. F ikibaki 240 hadi zimebaki siku saba, σ√T inakuwa 0.0526, d1 inapanda hadi 0.835, na delta inashuka hadi −0.20. Bei haijasogea hata senti, lakini zile tani 6.3 zimekuwa 3.4.